Nguzo ya 2016 iliyokuwa ikirefuka: kisa cha dashibodi inayorekebisha fedha za zamani kwa mfumuko wa bei

Mfuko mmoja wa ufadhili wa masomo una dashibodi inayoonyesha fedha zilizotolewa kila mwaka. Wanaoitazama ni wajumbe wa bodi, wafadhili, na watu wa nje wanaotaka kujua kama mfuko unakua au unadorora. Milioni moja ya mwaka 2016 ilinunua vitu vingi kuliko milioni moja ya sasa, kwa hiyo chati haionyeshi fedha kama zilivyolipwa. Inazipandisha zote hadi bei za karibuni. Ofisi ya takwimu inapotoa fahirisi mpya ya bei za walaji, skripti inaisoma na nguzo zote za chati zinachorwa upya.

Mjumbe mmoja wa bodi alikuwa na chati aliyoichapisha wakati fahirisi ya mwisho ilikuwa ya Machi 2025. Miezi miwili baadaye akaifungua dashibodi kwenye mkutano, akaiweka karatasi kando ya skrini, akauliza: "Fedha za 2016 tulishazitoa na wanafunzi walishazitumia. Zimeongezekaje?"

Mhasibu akamjibu, "Mzee, huo ni mfumuko wa bei." Jibu lilikuwa sahihi nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyofanya niitwe, na ndiyo sababu ya uchambuzi huu. Namba ninazotumia nimezilainisha ili hesabu ifuatike bila kikokotoo, lakini mwenendo wa kosa ni ule ule.

Kilichoonekana

Mfuko ulitoa milioni 96 mwaka 2016 na milioni 134.4 mwaka 2022. Hizo ni fedha kwa bei za miaka husika, yaani zile zilizotoka benki. Wastani wa fahirisi kwa mwaka 2016 ulikuwa 80 na kwa mwaka 2022 ulikuwa 112, mwaka wa kizio ukiwa 2020 = 100. Fahirisi ya Machi 2025 ilikuwa 125.0, ya Aprili 126.0 na ya Mei 126.5.

Karatasi ya mjumbe na skrini zilisema hivi, kwa milioni:

| Mwaka | Karatasi (bei za Machi) | Skrini (bei za Mei) |
|---|---|---|
| 2016 | 150.0 | 153.0 |
| 2022 | 150.0 | 151.8 |

Mjumbe alilalamikia nguzo kurefuka. Kurefuka kwenyewe si kosa, kwa sababu ukiamua kuonyesha kila kitu kwa bei za mwezi wa karibuni, na bei zikapanda, namba zote za zamani lazima zipande. Kinachotia shaka ni kwamba karatasi ilionyesha miaka miwili ikilingana, na skrini inaonyesha mmoja umeupita mwingine. Hakuna fahirisi mpya inayoweza kufanya hivyo.

Sababu yake iko ndani ya kanuni yenyewe. Kiasi halisi ni kiasi kilicholipwa, mara fahirisi ya mwezi wa bei, gawanya kwa wastani wa fahirisi wa mwaka wa malipo:

```
kiasi_halisi = kiasi × fahirisi(mwezi wa bei) ÷ wastani(mwaka wa malipo)
```

Mwezi mpya ukifika, kinachobadilika ni namba moja tu, ile ya katikati, na ni hiyo hiyo kwa miaka yote. Kutoka Machi hadi Mei imetoka 125.0 hadi 126.5, yaani imezidishwa kwa 1.012. Kwa hiyo kila mwaka uliokwisha unapaswa kuzidishwa kwa 1.012 kamili. Mwaka 2022 umefanya hivyo: 150.0 mara 1.012 ni 151.8. Mwaka 2016 umezidishwa kwa 1.020.

Hapo tayari tunajua mambo mawili kabla hatujafungua skripti. Kuna kosa, na liko upande wa 2016. Hesabu ya moja kwa moja inathibitisha: 96 mara 126.5 gawanya kwa 80 ni 151.8. Miaka hiyo miwili bado inalingana, kama karatasi ilivyosema.

Namtetea kidogo mjumbe huyu. Wengi wangeridhika na neno "mfumuko wa bei" na kufunga mjadala. Yeye alikuwa na ushahidi wa aina ambayo dashibodi haimpi mtazamaji, nao ni nakala ya jana ya kulinganisha na ya leo.

Kosa lilivyozaliwa

Ndani ya hifadhidata kulikuwa na jedwali moja la utoaji lenye safu mbili za fedha, `kiasi` na `kiasi_halisi`. Safu ya pili ilihesabiwa mara moja kwa usahihi siku dashibodi ilipoanzishwa. Tangu hapo, kila usasishaji haukurudi kwenye `kiasi`. Uliichukua `kiasi_halisi` iliyokuwapo na kuisogeza mbele kwa mwezi mmoja:

```sql
UPDATE utoaji
SET kiasi_halisi = kiasi_halisi * 126.0 / 125.0;
```

Kihesabu hakuna ubaya, ilimradi amri hiyo iendeshwe mara moja tu kwa kila mwezi, milele. Fahirisi ya Aprili ilipotoka, mtandao ulikatika katikati ya kazi. Mfumo wa ratiba uliona kazi haikumalizika, ukaianza upya. Lakini hatua ya `UPDATE` ilikuwa imeshapita mara ya kwanza, na kilichokatika kilikuwa hatua ya mbele yake. Kila mstari ukazidishwa kwa 1.008 mara mbili, na milioni 150.0 zikawa 152.4 badala ya 151.2.

Kama mambo yangeishia hapo, nguzo zote zingekuwa zimezidi kwa kiwango kile kile, zikilingana kama zamani, na hakuna ambaye angegundua kwa kutazama umbo la chati. Lililofichua ni jambo lisilohusiana kabisa. Wakaguzi walirekebisha mpangilio wa malipo ya 2022, jumla ikabaki ile ile, na mistari ya mwaka huo ikaingizwa upya. Mistari mipya haina `kiasi_halisi` ya zamani, kwa hiyo skripti iliihesabu kutoka mwanzo kwa fahirisi ya Aprili na kupata 151.2, ambayo ni sahihi. Mwezi uliofuata yote yakasogezwa hadi Mei. Mwaka 2022 ukawa 151.8, na 2016 ukabeba ziada yake hadi 153.0.

Tofauti ni chini ya asilimia moja, na kwa chati ya bei huenda isingemsumbua mtu. Lakini dashibodi hii ipo kujibu swali moja, kama mfuko unatoa zaidi au pungufu kuliko zamani, na miaka hii miwili ilikuwa sawasawa. Kosa dogo lilitosha kugeuza jibu kutoka "tumeshikilia pale pale" hadi "tumerudi nyuma". Na kwa kuwa kila kazi itakayorudiwa inaongeza ziada nyingine, na kila mstari unaoingizwa upya unaanza bila ziada hiyo, pengo lingeendelea kukua bila mpangilio unaoeleweka.

Kuhesabu upya badala ya kusogeza

Suluhisho la hifadhidata ni fupi: thamani iliyorekebishwa haihifadhiwi popote. Kinachohifadhiwa ni fedha kama zilivyolipwa, ambazo hazibadiliki isipokuwa wakaguzi wamesema, na fahirisi kama ilivyotolewa. Mwezi wa bei unakaa kwenye jedwali lake la mstari mmoja. Kiasi halisi kinazaliwa pale kinaposomwa:

```sql
CREATE VIEW utoaji_halisi AS
SELECT u.mwaka, u.kiasi, f.wastani,
       b.mwezi    AS mwezi_wa_bei,
       b.fahirisi AS fahirisi_ya_bei,
       u.kiasi * b.fahirisi / f.wastani AS kiasi_halisi
FROM utoaji u
LEFT JOIN fahirisi_mwaka f ON f.mwaka = u.mwaka
CROSS JOIN mwezi_wa_bei b;
```

Sasa kusasisha maana yake ni kuongeza fahirisi mpya na kubadilisha mstari mmoja wa `mwezi_wa_bei`. Kazi ikiendeshwa mara kumi kwa siku moja, matokeo ni yale yale. Tazama pia kwamba mwonekano huu unatoa viungo vyote vya hesabu pamoja na jibu lake: kiasi kilicholipwa, wastani wa mwaka, mwezi wa bei na fahirisi yake. Vitahitajika muda si mrefu, tutakapofika kwa mtazamaji.

`LEFT JOIN` imewekwa kwa makusudi. Mwaka usio na fahirisi utatoka na `kiasi_halisi` tupu, na nguzo yake itakosekana kwenye chati, jambo ambalo mtu ataliona. Ukitumia `JOIN` ya kawaida mstari wote unatoweka kimyakimya. Hatari kubwa zaidi inakuja pale malipo yanaporekebishwa mwezi kwa mwezi kisha kujumlishwa, kwa sababu `SUM` huruka nafasi tupu bila kulalamika. Mwaka unapoteza malipo ya mwezi mzima, na nguzo inabaki imesimama, fupi kidogo, ikionekana ya kawaida.

Pengo la mwezi si jambo la kufikirika. Oktoba 2025 shughuli za serikali ya Marekani zilisimama kwa kukosa bajeti, idara ya takwimu za kazi ya nchi hiyo haikukusanya bei za mwezi huo, na fahirisi ya jumla ya Oktoba 2025 haikutolewa. Dashibodi nyingi duniani husoma mfululizo huo. Skripti inayotafuta "mwezi uliopita" kwa kalenda ingepata nafasi tupu na kufuta chati nzima. Inayotafuta mwezi wa mwisho wenye namba ingebaki Septemba bila matatizo. Nayo `AVG` ya mwaka ingetoa wastani wa miezi 11 na kuuita wastani wa mwaka.

Hapa tuliweka kanuni mbili. Mwezi wa bei daima ni mwezi wa mwisho uliotolewa rasmi, haukisiwi. Kwa wastani wa mwaka, mwezi uliokosekana unajazwa kwa katikati ya majirani zake, na nguzo ya mwaka huo inapata alama yenye maelezo ya kilichofanyika. Mtu anaweza kubishana na njia ya kujaza, na ana haki. Kwa sababu hiyo hiyo alama inakaa kwenye nguzo yenyewe na si kwenye waraka wa mbali.

Ni fahirisi ipi, na ya kizio kipi

Kabla ya kumgeukia mtazamaji kuna uchaguzi mmoja usioonekana ambao unaweza kuvunja kipimo chetu cha 1.012. Baadhi ya fahirisi hubadilishwa baada ya kutolewa. Mfano wazi ni ule wa Marekani, ambao kwenye hazina ya data ya FRED una mifululizo miwili inayofanana kwa jina. `CPIAUCSL` imerekebishwa kwa msimu, na kila mwaka vigezo vya msimu huhesabiwa upya, hivyo namba za hadi miaka mitano iliyopita zinaweza kusogea. `CPIAUCNS` haijarekebishwa kwa msimu, na kwa kawaida ikishatolewa ndiyo ya mwisho. Kwa kupandisha fedha za zamani, ya pili ndiyo inayofaa. Ukitumia ya kwanza, siku moja kila mwaka nguzo zako zitasogea kwa viwango tofauti, na utaanza kusaka kosa kwenye skripti isiyo na kosa.

Kisha kuna kubadilishwa kwa mwaka wa kizio. Ofisi za takwimu hufanya hivyo kila baada ya miaka kadhaa, na mfuko huu ulishapitia. Faili la zamani lilikuwa na 2015 = 100, ambapo 2016 ilikuwa 104 na 2020 ilikuwa 130. Faili jipya lina 2020 = 100. Mtu akibandika la jipya chini ya la zamani, milioni 96 za 2016 zinakuwa 96 mara 126.5 gawanya kwa 104, yaani milioni 116.8, na mwaka huo unaanguka kwa karibu robo. Dawa ni kuunganisha kwa mwaka ulio kwenye mafaili yote mawili. Mwaka 2020 ni 130 upande mmoja na 100 upande wa pili, kwa hiyo namba zote za zamani zinagawanywa kwa 1.3, na 104 inakuwa 80. Kosa la aina hii lina dalili yake: ngazi ya ghafla kwenye chati, kwenye mpaka wa mafaili, na miaka yote ya upande mmoja imeathirika kwa kiwango kimoja.

Watazamaji huchanganya kizio hiki na bei za mwezi wa karibuni, nami siwalaumu. Wanaona "2020 = 100" na "bei za Mei 2025" kwenye ukurasa mmoja, wanauliza fedha ni za lini. Jibu ni kwamba 2020 inahusu kipimo cha fahirisi tu na inajifuta kwenye kugawanya, mradi namba zote mbili zitoke kwenye kipimo kimoja. Tuliitoa "2020 = 100" kwenye kichwa cha chati na kuiacha kwenye jedwali la fahirisi, inakohusika.

Alichokuwa anaona mtazamaji, na anachokiona sasa

Chini ya chati ya zamani, kwa herufi ndogo, kulikuwa na sentensi: "Thamani zimerekebishwa kwa mfumuko wa bei." Sentensi hiyo ni ya kweli kwa chati sahihi na kwa chati iliyoharibika. Haisemi kwa bei za lini, kwa fahirisi ipi, wala kwa njia gani, na haibadiliki namba zinapobadilika. Mjumbe aliyekuwa na karatasi ya bei za Machi hakuwa na namna ya kujua kwamba ilikuwa ya bei za Machi.

Cha kwanza tulichobadilisha ni jina la mhimili wa wima. Kwenye toleo hilo lilisomeka "Milioni, kwa bei za Mei 2025". Liko kwenye mhimili kwa sababu watu hupiga picha ya skrini na kukata maelezo ya chini. Mhimili mara nyingi hunusurika.

Jina hilo linaandikwa na hifadhidata, kutoka safu ya `mwezi_wa_bei` ile ile iliyotumika kwenye hesabu. Hili nalisisitiza kwa sababu kulikuwa na kosa la pili ambalo hakuna aliyelilalamikia. Kwenye ukurasa mwingine wa dashibodi, mwezi ulichukuliwa kutoka tarehe ya kompyuta. Fahirisi ya Mei hutolewa Juni, kwa hiyo ukurasa ulisema "bei za Juni" huku hesabu ikiwa ya Mei, na usiku wa tarehe 1 Julai ukageuka kuwa "bei za Julai" bila namba yoyote kubadilika. Tarehe ya kusasisha na mwezi wa bei ni vitu viwili, na vyote viwili vinaonyeshwa, kila kimoja kwa jina lake.

Cha pili ni hesabu ya kila nguzo. Ukiigusa nguzo ya 2022 unapata mstari huu:

```
134.4 × 126.5 ÷ 112.0 = 151.8
```

Awali tulifikiria kuonyesha kizidishi kimoja tu, ambacho kwa 2022 ni 1.129. Kinapendeza macho, lakini mtu akichukua 134.4 na kuzidisha kwa 1.129 anapata 151.7, kwa kuwa kizidishi kimekatwa. Mtazamaji aliyejitolea kuhakiki anakuta hesabu haikubali, na imani inapotea kwa ajili ya desimali ya nne. Ukionyesha fahirisi zenyewe kama zilivyotolewa, hesabu inatimia. Hesabu hizo hizo zimewekwa pia kwenye jedwali chini ya chati, kwa wanaochapisha.

Cha tatu, ambacho kwangu ndicho cha thamani zaidi, ni mstari wa mabadiliko juu ya chati: "Tangu toleo lililopita (bei za Aprili 2025), kila mwaka uliokwisha umezidishwa kwa 1.004." Namba hiyo ni 126.5 gawanya kwa 126.0. Mwenye karatasi ya Aprili anaweza kuipandisha mwenyewe na kuona kama inafika kwenye skrini. Kitufe cha pembeni kinafungua daftari la matoleo yote: tarehe ya kusasisha, mwezi wa bei, fahirisi yake, na kizidishi kutoka toleo la nyuma yake. Kwa mjumbe wetu, aliyekuwa na karatasi ya Machi, daftari linampa 1.008 kisha 1.004, na akizidisha anapata 1.012.

Kipimo hicho hicho kinafanywa na mfumo kabla ya kuchapisha. Picha ya toleo lililopita inahifadhiwa kwa kulinganisha tu, haiingii kamwe kwenye hesabu mpya:

```sql
SELECT s.mwaka,
       (h.kiasi_halisi / h.kiasi) /
       (s.kiasi_halisi / s.kiasi) AS uwiano
FROM utoaji_halisi h
JOIN toleo_lililopita s USING (mwaka);
```

Kila upande unagawanywa kwanza kwa kiasi kilicholipwa, ili marekebisho ya wakaguzi yasipige kengele ya bure. Kwa miaka iliyokwisha, `uwiano` lazima uwe mmoja kwa mistari yote, na ulingane na fahirisi mpya gawanya kwa ya zamani. Ukitofautiana kupita desimali ya sita, toleo linazuiwa na la zamani linabaki hewani na jina lake la zamani. Sharti la pili, la kulingana na fahirisi, ndilo lingenasa kosa la Aprili siku ile ile. Sharti la kwanza peke yake lisingelinasa, maana mistari yote iliharibika pamoja.

Kuna kipengele kimoja ambacho nusura tukisahau. Faili la kupakua lilikuwa na safu mbili, mwaka na kiasi halisi. Mwanafunzi mmoja wa uchumi alilichukua, akadhani ni fedha zilizolipwa, akazipandisha tena kwa mfumuko wa bei. Kosa la kuzidisha mara mbili tulilolifukuza kwenye hifadhidata lilikuwa linazaliwa upya nje ya uwezo wetu. Sasa faili linatoka na viungo vyote, na jina la safu ya mwisho linabeba mwezi: `kiasi_kwa_bei_za_2025_05`.

Mwaka unaoendelea

Kanuni ya kizidishi kimoja ina mwiba mmoja. Wakati wa toleo la Mei, mwaka 2025 ulikuwa haujaisha, wastani wake ulikuwa wa miezi mitano, na ungebadilika kila mwezi hadi Desemba. Nguzo yake isingefuata 1.004 ya wenzake. Wengine huificha, wengine hutumia wastani wa mwaka uliopita. Sisi tuliiacha na kuichora kwa rangi hafifu, ikiwa na maandishi "wastani wa Januari hadi Mei", na ilitolewa kwenye kipimo cha uwiano. Nguzo ya mwaka huingia kundini fahirisi ya Desemba yake inapotoka.

Kuhusu kama fahirisi ya walaji inafaa kabisa kwa ufadhili wa masomo, sina mengi. Ada za vyuo zinaweza kupanda haraka au polepole kuliko kapu la mlaji, na chati hii haisemi lolote juu ya idadi ya wanafunzi ambao fedha hizo zingewasomesha. Tumeandika "fahirisi ya bei za walaji" kwa jina lake kamili badala ya "thamani ya kweli", ili anayetaka kupinga ajue anapinga nini.

Lililobaki lilikuwa ripoti ya mwaka, inayochapishwa na kukaa makabatini. Mhasibu hakutaka karatasi ambayo mwezi mmoja baadaye inagombana na skrini, na bodi haikutaka skrini iache kufuata bei za karibuni. Ripoti sasa inatumia wastani wa mwaka mzima wa mwisho kama bei zake na haiguswi tena. Ndani ya dashibodi kuna mstari mmoja unaosema ni kwa kiasi gani cha kuzidisha namba za ripoti ili zifike kwenye bei za mwezi huu, nao unahesabiwa upya kila fahirisi inapotoka.